Maneno Hayaenei: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kupanga Vibao na Kurasa za Kiswahili

Kazi yangu ni kupanga vibao na machapisho hapa Mtwara mjini. Wateja hutoka Masasi, Newala, Lindi na Kilwa, na wengi huja na kitu kilichoandikwa kwanza kwa Kiingereza: kibao cha ghala la korosho, kipeperushi cha wageni, fomu ya zahanati. Tafsiri ikishafika, maneno hayaenei pale yalipokaa ya Kiingereza. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa tena na tena, nikianza na yale ya msingi.

## Kabla ya kupanga

1. Kwa nini Kiswahili kinachukua nafasi zaidi?

Kuna sababu mbili tofauti, na ni vyema kuzitenganisha kwa sababu dawa zake hazifanani.

Ya kwanza ni mnyororo. Kiingereza hupanga majina mfululizo bila kiungo, sisi tunahitaji "ya", "wa", "cha", "kwa". Jina la idara ambalo Kiingereza hulimaliza kwa maneno mawili, sisi tunasema "Idara ya Wagonjwa wa Nje". Mnyororo ni mrefu, lakini pingili zake ni fupi, na unaweza kuukunja katika mistari miwili au mitatu.

Ya pili ni neno lenyewe. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtenda, wakati, mtendwa na kauli ndani ya neno moja: "hawataturuhusu", "waliosajiliwa". Neno la namna hii halikunjiki. Likizidi upana wa kibao limezidi, na kulihamishia mstari wa chini hakulifupishi. Katika vibao, hili ndilo linalowasumbua watu, ingawa wengi hulalamikia lile la kwanza.

2. Je, tafsiri huwa ndefu kila mara?

Hapana. "Maabara" ina herufi 7, na neno lake la Kiingereza lina 10. Kiswahili pia hakina vile vineno vidogo ambavyo Kiingereza hulazimika kuviweka mbele ya kila jina. Tazama sentensi hii, ambayo ingefaa kwenye kibao cha magofu ya Kilwa Kisiwani. Tarakimu ni idadi ya herufi pamoja na nafasi na nukta:

```
Please do not climb on the walls.    33
Tafadhali usipande juu ya kuta.      31
```

Kiswahili ni kifupi kwa jumla, na kina maneno 5 badala ya 7. Lakini linganisha neno refu kuliko yote katika kila mstari: Kiingereza lina herufi 6, Kiswahili lina 9. Kwenye ukurasa mpana sentensi hii haikuletei shida yoyote. Kwenye kibao chembamba cha kusimama ukutani itakusumbua, japo ndiyo fupi.

3. Tafsiri haijafika na mteja anataka makisio leo. Niache nafasi kiasi gani?

Kwa aya za kawaida mimi huacha robo zaidi ya nafasi ya Kiingereza, na kwa vichwa vya habari nusu zaidi. Kwa vibandiko vifupi visivyozidi herufi kumi kwa Kiingereza, naacha mara mbili, kwa sababu hapo ndipo tofauti huwa kubwa kupita kiasi:

```
NO PARKING             10
USIEGESHE GARI HAPA    19
```

Haya ni makisio ya kumwezesha mteja kupanga bajeti yake. Usimkatie bati kwa makisio. Bati likatwe tafsiri ikiwa mkononi na imepitishwa.

## Kupima kibao

4. Nikipokea tafsiri, nianze kuhesabu nini?

Tafuta neno refu kuliko yote, hesabu herufi za neno hilo peke yake. Jumla ya herufi haitakuambia kitu kuhusu kimo cha maandishi. Neno refu ndilo linaloamua kimo, maana lazima likae zima kwenye mstari mmoja.

Kwa herufi kubwa za fonti kama Arial Bold, kila herufi pamoja na nafasi yake huchukua upana unaokaribia kimo chake, wastani wa 0.95. Kwa hiyo:

```
kimo = upana unaotumika ÷ (idadi ya herufi × 0.95)
```

Upana unaotumika ni upana wa kibao ukiondoa pambizo za kushoto na kulia. Maneno yenye I nyingi yatakupa nafuu kidogo, yenye W na M yatakubana, lakini hesabu hii inatosha kukujulisha kama una tatizo kabla hujafungua kompyuta.

5. Nionyeshe kwa mfano kamili.

Chukua kibao cha mlango wa ghala la korosho. Mteja ameleta mchoro uliokuja na mashine: maandishi matupu bila picha, upana sentimita 60, kimo sentimita 40, pambizo sentimita 4 kila upande. Upana unaotumika ni sentimita 52. Vimo nitakavyovitaja ni vya maneno yenyewe yakipangwa kwa Arial Bold, kwa hiyo vinaweza kupishana kidogo na hesabu ya swali la 4. Maandishi na tafsiri ya moja kwa moja ni haya:

```
AUTHORIZED PERSONNEL ONLY       25
WAFANYAKAZI WALIORUHUSIWA TU    28
```

Mtu akitazama jumla atasema herufi 3 si kitu, ongezeko halifiki hata moja ya nane. Sasa tazama neno refu. Kwa Kiingereza, ukipanga neno moja kila mstari, refu zaidi lina herufi 10, na herufi zinaweza kufika kimo cha sentimita 5.7. Kwa Kiswahili refu zaidi ni "walioruhusiwa", herufi 13, na kimo kinashuka hadi sentimita 4.2. Maandishi yamepungua zaidi ya robo kwa ajili ya neno moja. Tena "TU" imebaki pekee yake mstari wa tatu, kama mtu aliyesahauliwa kituoni.

Njia ya kwanza ya kutoka ni kubadili umbo la kibao bila kubadili ukubwa wake. Sentimita 60 kwa 40 ni eneo la sentimita za mraba 2,400. Sentimita 80 kwa 30 ni eneo lilelile. Bodi nzima ya sentimita 244 kwa 122 inatoa vipande 12 vya 60 kwa 40. Na vya 80 kwa 30 inatoa 12 vilevile, vitatu kwa urefu na vinne kwa upana, na msumeno bado unapata pa kupita. Mteja halipi bodi ya ziada. Upana unaotumika sasa ni sentimita 72, na unaweza kuandika "WAFANYAKAZI" mstari wa juu na "WALIORUHUSIWA TU" mstari wa chini, kwa kimo cha karibu sentimita 4.9. "Tu" imerudi kwa mwenzake na herufi zimekua. Kama ungepanua hadi 80 na kuacha kimo kile cha 40, bodi ingetoa vipande 9 tu, na hapo gharama inabadilika.

Njia ya pili ni kubadili maneno. Nilipomuuliza mteja kibao kinakusudia nini hasa, alinijibu, "Fundi, sitaki mtu aingie bila kuniona mimi au mlinzi." Basi hilo ndilo la kuandika: "USIINGIE BILA RUHUSA". Ukiweka "USIINGIE" juu na "BILA RUHUSA" chini, hata kwenye kibao kile cha mwanzo cha 60 kwa 40 herufi zinafika sentimita 5.4, karibu sawa na za Kiingereza. Ukichanganya njia zote mbili, maneno mapya kwenye kibao cha 80 kwa 30, zinafika karibu sentimita 7.5. Mistari miwili pamoja na nafasi katikati yake inachukua kama sentimita 19, na ndani ya pambizo zako unazo 22.

Kwa hiyo kibao cha Kiswahili kimekuwa na herufi kubwa kuliko cha Kiingereza, kwa eneo lilelile la bodi. Kabla ya kubadili maneno, soma swali la 10.

6. Kimo gani kinatosha?

Kanuni ya mkono ninayoitumia ni kugawa umbali kwa 200. Mtu anayesoma akiwa mita 10 anahitaji herufi za sentimita 5. Ndiyo maana tofauti ya sentimita 4.2 na 7.5 katika swali la 5 si ya urembo: kibao cha kwanza kinaanza kusomeka vizuri mtu akiwa kama mita 8 kutoka mlangoni, cha pili akiwa mita 15, akingali na nafasi ya kugeuka.

Usiamini kioo cha kompyuta. Chapa neno refu kwa kimo halisi kwenye karatasi za kawaida, ziunge kwa gundi, zibandike ukutani, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua. Fanya hivyo saa saba mchana kama kibao kitakaa nje, kwa sababu jua la huku linaakisi vikali kwenye bati jeupe, na maandishi membamba hupotea kwanza.

## Maneno bado hayaenei

7. Si nivute tu pembeni, herufi ziwe nyembamba?

Ukishika neno kwenye CorelDRAW na kulibana kutoka pembeni, mistari ya kusimama inakonda lakini ya kulala inabaki na unene wake. Herufi kama H na U zinakuwa na miguu myembamba, na kwa mbali neno "RUHUSA" linageuka safu ya vijiti. Kibao kilichobanwa hivi utakitambua ukilinganisha mguu wa H na kile kipande cha katikati: cha katikati kikiwa kinene kuliko mguu, herufi zimebanwa.

Kama unahitaji wembamba, tumia fonti iliyochorwa nyembamba tangu mwanzo. Mimi huishia kwenye fonti yenye upana wa kama asilimia 80 ya ile ya kawaida. Chini ya hapo nabadilisha kibao au maneno.

Jambo jingine: usipunguze neno moja refu na kuacha mengine makubwa. Msomaji hudhani ukubwa una maana, na neno dogo huonekana kama si muhimu, kumbe ndilo lenye habari.

8. Herufi kubwa tupu au mchanganyiko?

"Walioruhusiwa" kwa herufi ndogo, W pekee ikiwa kubwa, huchukua upana pungufu kwa moja ya tano kuliko "WALIORUHUSIWA". Lakini herufi ndogo zenyewe ni fupi, kama asilimia 72 ya kimo cha herufi kubwa, kwa hiyo kwa umbali mrefu faida yote haibaki. Kinachobaki ni umbo. Neno refu lenye herufi ndogo lina mabonde na vilima, h na l zikipanda na p na g zikishuka, na jicho hulitambua bila kulisoma silabi kwa silabi. Kwa herufi kubwa neno lolote ni tofali.

Uamuzi wangu ni huu: maneno ya herufi 8 au chini, hasa ya amri, yaandikwe kwa herufi kubwa. Ukishaona neno la herufi 11 na kuendelea, tumia mchanganyiko.

9. Mstari ukatike wapi?

Kiungo kifuatane na neno linalokuja, kisibaki nyuma. Andika "Idara" juu, "ya Wagonjwa" katikati, "wa Nje" chini. Usiandike "Idara ya" ukaanza mstari mpya. Msomaji akiona "ya" mwishoni anabaki ameinua mguu.

"Tu" ikae na neno lililotangulia, na "si" ikae na neno linalofuata. Hili la "si" ni la usalama. Nimewahi kuona rasimu ya kibao cha tangi iliyopangwa hivi:

```
MAJI HAYA SI
SALAMA KUNYWA
```

Mtoto anayekuja na ndoo akasoma mstari wa chini peke yake, au mti ukafunika nusu ya juu, kibao kinamwambia anywe. Hapa sikuhamisha mstari tu, nilibadili sentensi: "USINYWE" juu, "MAJI HAYA" chini. Kipande chochote utakachokisoma hakikupotoshi. Kwenye Word, nafasi isiyokatika hupatikana kwa Ctrl+Shift+Space. Iweke kati ya "si" na jirani yake hata kwenye aya za kawaida, programu isiwatenganishe bila wewe kujua.

10. Je, mpangaji anaruhusiwa kufupisha tafsiri?

Anaruhusiwa kupendekeza, asibadili kimyakimya. "Usiingie bila ruhusa" na "wafanyakazi walioruhusiwa tu" hayalingani moja kwa moja: la kwanza linampa mgeni nafasi ya kuomba, la pili linamfungia kabisa. Kwenye ghala la korosho mteja alitaka lile la kwanza. Kwenye chumba cha mitambo ya umeme huenda akataka la pili, na hapo utalazimika kupanua kibao.

Njia nzuri ni kumpelekea mfasiri idadi badala ya malalamiko. Usimwambie "ni ndefu mno". Mwambie, "Nina mistari miwili, kila mmoja hauzidi herufi 11, na neno lolote lisizidi 11." Mfasiri mzuri akipata kipimo hicho atakuletea njia tatu. Asipokipata, anafasiri hewani, na lawama zinakwenda na kurudi. Mimi sasa hupeleka jedwali lenye idadi hizo pamoja na matini ya Kiingereza, kabla tafsiri haijaanza.

Ukweli mwingine ni kwamba sehemu ya urefu hutokana na tafsiri ya ofisini. Muulize dada anayepita hapo mlangoni anapaitaje. Mahali palipoandikwa "Sehemu ya Kutolea Huduma za Dawa" yeye atakwambia "dirisha la dawa", na hilo ndilo atakalolitafuta.

## Makatazo na hatari

11. Kwa nini vibao vya makatazo vinahitaji mpangilio wa pekee?

Kwa sababu Kiingereza huweka katazo kwenye neno fupi linalosimama peke yake, na mchoraji hulifanya kubwa na jekundu. Kiswahili huficha katazo ndani ya kitenzi. "Inaruhusiwa" na "hairuhusiwi" hutofautiana mwanzoni na mwishoni tu. Katikati kuna "ruhusiw" ileile. Anayesoma haraka anaona "ruhusiw" na kuendelea na safari. Huna neno la kulipaka rangi nyekundu, isipokuwa ukipake kipande cha neno, jambo linaloharibu usomaji.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kutumia "MARUFUKU", neno lenye katazo lote ndani yake, herufi 8, linaloweza kusimama mstari wa juu peke yake kwa ukubwa wowote: "MARUFUKU" juu, "KUEGESHA" chini, herufi 8 kwa 8. Mistari miwili yenye urefu sawa ni raha kuipanga. Ya pili ni kuweka picha ndani ya duara jekundu lenye mstari wa mshazari, na maneno yawe msaada. Picha inaeleweka hata kwa asiyesoma, na inakupunguzia maneno.

Kwa kibao cha hatari mimi hutumia zote mbili. Na chunguza stika kila mara: upepo wa bahari hapa Shangani na kule Mikindani hula kingo za stika kuanzia pembeni. "USIGUSE" ikibanduka herufi mbili za kwanza inabaki "IGUSE", na hiyo ni amri ya kugusa. Acha pambizo pana upande wa kushoto, usipeleke herufi ya kwanza hadi ukingoni.

12. Naweza kukata neno kwa kistari kwenye kibao?

Usikate. Anayepita na bodaboda hana muda wa kuunganisha nusu mbili. Kistari ni cha kurasa, tazama swali la 14.

## Kurasa, vijitabu na fomu

13. Kijitabu cha Kiingereza kina kurasa 16. Cha Kiswahili kitakuwa na ngapi?

Kijitabu kinachokunjwa na kubanwa pini katikati huenda kwa kurasa nne nne, kwa sababu karatasi moja iliyokunjwa hutoa kurasa nne. Matini ikizidi ukurasa mmoja tu, hupati 17, unapata 20. Watu hulisahau hili wakaishia kupunguza herufi za kitabu kizima hadi wazee wa kijijini washindwe kusoma, ili tu kuokoa ule ukurasa mmoja.

Kabla ya kupunguza herufi, angalia mahali pengine. Punguza picha mojamoja, ondoa ukurasa mtupu wa ndani ya jalada, unganisha sura zinazoanza kila moja na ukurasa mpya. Ikishindikana, kubali 20 na umwambie mteja mapema. Nafasi inayobaki haipotei: weka kurasa za kuandikia, mkulima ataandika kilo zake.

14. Safu nyembamba zinaacha mashimo meupe kati ya maneno. Nifanyeje?

Mashimo hayo hutokea ukilazimisha mistari inyooke pande zote mbili huku maneno ni marefu. Mstari ukibeba maneno matatu tu, nafasi yote ya ziada inamiminwa katika mianya miwili. Panga kwa kunyoosha kushoto pekee, acha kulia kuwe na mawimbi. Kwa kipeperushi cha A4 kilichokunjwa mara tatu hii ndiyo dawa, na inatosha mara nyingi bila kistari.

Ukihitaji kistari, zima kwanza ukataji wa kujiendesha. Programu ikidhani matini ni Kiingereza itakata kwa kanuni za Kiingereza na kukuachia "ng" upande mmoja na irabu upande mwingine. Silabi ya Kiswahili huishia na irabu, kwa hiyo kata baada ya irabu: wali-oruhusiwa, walioru-husiwa. Vikundi kama ng, ny, sh, mb na nd viende pamoja mstari wa pili: ta-ngazo, si tan-gazo. Usiache M peke yake mwishoni mwa mstari hata kama ni silabi kamili, kama katika "mlinzi". Maneno kama "daktari" na "maktaba" yaache mazima. Kwenye Word, kistari kinachojitokeza pale tu neno linapofika ukingoni huwekwa kwa Ctrl na kitufe cha kistari.

15. Na fomu?

Weka kichwa cha kila sehemu juu ya mstari wa kujaza, si kushoto kwake. Kikiwa kushoto, "Tarehe ya kuzaliwa" hula nafasi ya mwandiko. Pia epuka sentensi zenye pengo katikati, kama "Nimepokea ___ ya korosho", kwa sababu ngeli hubadilika kulingana na kitakachojazwa: gunia moja la, magunia matano ya. Andika "Magunia:" kisha sanduku la tarakimu. Inakuwa fupi, na sarufi haiharibiki.

## Mengineyo

16. Kibao cha lugha mbili: nigawe nusu kwa nusu?

Ukigawa nusu sawa, Kiswahili ndicho kitakachobanwa, na huku ndicho lugha ya wasomaji karibu wote. Mimi hukipa Kiswahili sehemu tatu kati ya tano za eneo, juu, na Kiingereza mbili, chini. Kwanza napata kimo cha Kiswahili kwa hesabu ya swali la 4, ndipo naweka Kiingereza katika kimo hichohicho au kidogo kuliko hicho. Usianze na Kiingereza kwa sababu tu mchoro ulikuja nacho.

17. Na Kireno kikiongezwa?

Hutokea kwa wanaohudumia wasafiri wa kwenda Msumbiji kupitia Daraja la Umoja kwenye Mto Ruvuma. Lugha tatu kwenye kibao kimoja zinapunguza kila moja. Mara nyingi vibao viwili vinashinda kimoja: kimoja cha Kiswahili peke yake kwa ukubwa wake, kingine chini yake cha lugha mbili nyingine. Mshale na picha viwe kwenye kile cha juu.

18. Mteja ameleta faili lisilobadilika maandishi. Nifanyeje?

Herufi zimegeuzwa kuwa michoro. Usifute na kupachika maneno juu ya mchoro, maana utabanwa na masanduku ya Kiingereza yaliyomo. Mwombe faili la awali. Likikosekana, chukua rangi, nembo na picha tu, upange upya kuanzia neno refu.

19. Kile kialama cha ng' kinapotea kwenye plota.

Baadhi ya fonti za kukatia stika hazina alama hiyo, au huchora kipande kidogo mno ambacho hubanduka siku ya kwanza. Ipanue hadi iwe na unene wa mguu wa herufi, iache ikaribie g. "Ng'ombe" bila alama itasomwa vibaya, na mwenye machinjio atarudi kwako.